Mauzo Yanapopanda, Fedha Huishia Wapi?

Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 1993, kampuni ya kompyuta ya Dell, yenye makao yake katika jimbo la Texas nchini Marekani, iliuza bidhaa za dola bilioni 2.01. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeuza za dola milioni 890. Faida nayo iliongezeka maradufu, kutoka dola milioni 51 hadi milioni 102. Mwanzilishi wake, Michael Dell, aliyeianza biashara hiyo mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa hajatimiza miaka 28.

Mwezi uliofuata kampuni ilifuta mpango wake wa kuuza hisa mpya. Ndani ya miezi 12, fedha taslimu na vitega uchumi vyake vya muda mfupi vilikuwa vimeshuka kutoka dola milioni 211 hadi milioni 95, huku bidhaa na vipuri vilivyolala ghalani vikipanda kutoka milioni 127 hadi milioni 303. Kabla mwaka haujaisha Dell ilikuwa imekopa dola milioni 100 kwa hati fungani za riba ya asilimia 11, na mwaka wa fedha uliofuata ulifungwa kwa hasara ya dola milioni 36. Hasara hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja, zikiwamo kompyuta za mkononi zilizoshindwa sokoni. Lakini ule ukata wa fedha ulianza mapema, katika mwaka ambao kila mtu aliutazama kama mwaka wa neema.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Kongowea hatashangaa sana akisikia habari hizi. Anajua mwezi mzuri wa mauzo unavyoweza kumwacha na droo tupu: mzigo umejaa stoo, nusu ya wateja wamechukua kwa mali kauli, na msambazaji anapiga simu. Asichokuwa nacho mara nyingi ni namna ya kulipima jambo hilo kabla halijamfika, yaani kujua leo kwamba mauzo yakipanda kwa kiasi fulani mwakani, atapungukiwa shilingi ngapi, na kuanzia lini.

Wahasibu wanayo hesabu ya kulipima, na jina lake watu wengi wamekwisha kulisikia mahali pengine. Anayetaka kununua jenereta la ofisi huenda dukani kuomba profoma, karatasi inayoonyesha bei kana kwamba mauzo yamekwisha fanyika, ili aende nayo kwa mhasibu kuombea fedha. Taarifa za fedha za profoma zimejengwa kwa wazo lilelile. Ni hesabu ya faida na hasara pamoja na mizania vya mwaka ambao bado haujafika, vilivyoandikwa kana kwamba umekwisha pita. Na kama ile karatasi ya jenereta, kazi yake kubwa ni kuonyesha fedha za kuombwa.

Tuchukue kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi mkoani Iringa. Kiwanda chenyewe ni cha kubuni na tarakimu zake zimechaguliwa ili zihesabike kwa urahisi, ila umbo la biashara ni lile ambalo wenye vinu watalitambua. Kinanunua mahindi kwa wakulima, kinasaga sembe, kinapaki kwenye viroba, na kuuza kwa maduka ya jumla ambayo mengi hulipa baada ya mwezi hivi.

Mwaka huu kimeuza unga wa shilingi milioni 1,000. Baada ya kulipia mahindi, umeme, mishahara, usafiri na uchakavu wa mashine, kimebakiwa na milioni 100. Kina mkopo wa benki wa milioni 200 kwa riba ya asilimia 15, kwa hiyo milioni 30 zimekwenda kwenye riba. Zilizosalia ni milioni 70. Serikali imechukua kodi ya asilimia 30, yaani milioni 21, na faida halisi ikawa milioni 49. Wenye kiwanda wana desturi ya kugawana nusu ya faida na kuiacha nusu ndani ya biashara.

Mizania yake siku ya mwisho wa mwaka inasomeka hivi. Kwa upande wa mali kuna fedha taslimu milioni 20, madeni ambayo maduka hayajalipa milioni 100, stoki ya mahindi, unga na viroba vitupu milioni 180, na mashine, jengo na gari milioni 300. Jumla ni milioni 600. Upande wa pili, unaoonyesha mali hiyo imegharimiwa na nani, una wauzaji wa mahindi na viroba wanaodai milioni 80, mishahara na kodi ambazo hazijalipwa milioni 20, benki milioni 200, na wenyewe milioni 300, ambazo ni mtaji waliotia pamoja na faida waliyoiacha ndani miaka iliyopita. Nazo jumla yake ni milioni 600.

Sasa kiwanda kinapata wateja wapya Dodoma, na meneja anatarajia mauzo ya mwakani yapande kwa asilimia 40, yafike milioni 1,400. Anauliza: tutahitaji fedha kiasi gani?

Kazi huanzia kwenye mauzo, kisha hushuka kwenye kila mstari wa mizania kwa swali moja: huu mstari hufuata mauzo, au hukaa ulipo mpaka mtu auguse? Maduka yakiendelea kulipa kwa mwendo ule ule, deni lao litapanda pamoja na mauzo, kutoka milioni 100 hadi 140. Stoki itatoka 180 hadi 252, kwa sababu huwezi kusaga unga mwingi zaidi kwa mahindi yaleyale. Fedha za droo zitatoka 20 hadi 28. Kwa sasa tuchukulie kwamba mashine nazo zimefika mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo lazima zitoke 300 hadi 420. Mali yote itakuwa milioni 840. Kiwanda kinapaswa kupata mali ya ziada ya milioni 240, na zote hizo lazima zilipiwe na mtu.

Sehemu moja italipiwa bila barua yoyote kuandikwa. Wauzaji wa mahindi na viroba wanaouza zaidi watadai zaidi, na mishahara na kodi zinazosubiri tarehe zake zitakuwa kubwa zaidi. Haya ni madeni yanayojikuza yenyewe kadiri kazi inavyoongezeka. Yalikuwa milioni 100, yatakuwa 140. Hapo tumepata milioni 40.

Mkopo wa benki haumo katika kundi hilo. Benki haiongezi mkopo kwa kuwa tu mteja wake anauza zaidi. Ni lazima aende, aombe, aweke dhamana. Kadhalika mtaji wa wenyewe hautanuki mpaka watie mikono mifukoni. Kosa la kawaida la wanaoanza hesabu hii ni kuzidisha kila mstari wa mizania kwa asilimia 40, mkopo na mtaji vikiwemo. Ukifanya hivyo pande mbili zitalingana vizuri sana na pengo halitaonekana, kumbe umejikopesha kwa kalamu.

Sehemu nyingine italipiwa na faida ya mwaka huohuo ujao. Kiwanda kikiendelea kubakiza asilimia 10 ya mauzo kabla ya riba, kitapata milioni 140. Ukiondoa riba ya mkopo wa zamani, milioni 30, inabaki 110. Kodi inachukua 33. Faida halisi ni 77. Nusu inagawanywa, nusu inabaki: milioni 38.5.

Hesabu inafika mwisho. Mali ya ziada ni 240. Wadai wanabeba 40, faida iliyoachwa inabeba 38.5. Zinapungua shilingi milioni 161.5, na hizo haziwezi kupatikana ndani ya kiwanda. Kwenye vitabu vya fedha huitwa fedha zinazohitajika kutoka nje, maneno ambayo kwa Kiswahili huwapeleka watu moja kwa moja kwa wafadhili wa ng'ambo. Nje hapa ni nje ya mlango wa kiwanda tu. Mjomba anayekopesha kutoka nyumba ya pili ni wa nje vilevile.

Kiwanda hiki hakina tatizo lolote la kibiashara. Kinauza kwa faida, wateja wanaongezeka, hakuna aliyeiba. Hata hivyo kinahitaji kutafutiwa fedha nyingi kuliko mara mbili ya faida yake ya mwakani. Na hata wenyewe wakijinyima kabisa, wasichukue hata senti ya gawio, faida yote ya milioni 77 ikibaki ndani, bado zitapungua milioni 123. Ukuaji wa aina hii haulipiki kwa kufunga mkanda.

Tukifikia hapo meneja anaweza kwenda benki kuomba milioni 161.5, na atakuwa amekosea kidogo. Mkopo mpya nao una riba. Ukikopwa mwanzoni mwa mwaka kwa asilimia 15, riba yake ni takriban milioni 24. Riba hupunguza faida. Kodi nayo hupungua kiasi, kwa kuwa riba hutolewa kabla ya kodi. Kinachopotea baada ya hapo ni kama milioni 17, na nusu yake ingebaki kiwandani. Kwa hiyo pengo linapanuka kwa milioni 8.5 na kufika 170. Lakini hizo 8.5 nazo zitakopwa, nazo zina riba, basi pengo linapanuka tena, safari hii kwa chini ya nusu milioni, halafu kwa vijisenti. Linatulia kwenye milioni 170.4 hivi. Anayefanya hesabu hii kwenye Excel hukutana na onyo kwamba fomula zinajizunguka, na wengi hudhani wameharibu jedwali. Hawajaharibu kitu. Mkopo unategemea faida, na faida inategemea mkopo. Kompyuta inachotaka ni ruhusa ya kurudia hesabu mara kadhaa mpaka itulie.

Milioni 9 za mzunguko huo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Cha kutazama zaidi ni sura ya mizania baada ya mkopo kuingia, maana ndiyo atakayoitazama ofisa mikopo. Kabla ya ukuaji, madeni ya kila aina yalikuwa 300 kati ya mali ya 600, nusu kwa nusu. Baada yake yatakuwa takriban 510 kati ya 840, zaidi ya asilimia 60. Mapato kabla ya riba, yaliyokuwa yakiilipa riba mara tatu na kitu, sasa yataweza kuilipa mara mbili na nusu. Si kiwanda kinachozama. Lakini mwaka ujao kikikua tena kwa asilimia 40 kwa mtindo huohuo, namba hizo zitasogea tena upande uleule, na patafika mahali benki itasema wenyewe watie mtaji kwanza. Hapo ndipo wenye biashara nyingi hugundua kwamba mwenza waliyemkataa miaka miwili iliyopita alikuwa na maana.

Hesabu hiyohiyo inaweza kugeuzwa. Badala ya kuuliza ukuaji wa asilimia 40 unataka fedha ngapi, mtu anaweza kuuliza ni ukuaji gani ambao kiwanda kinaweza kuumudu bila kumwomba mtu yeyote. Kila asilimia moja ya ukuaji inataka mali mpya ya milioni 6, na wadai wanabeba milioni 1, kwa hiyo kiwanda chenyewe kinatafuta milioni 5. Faida inayobaki ndani, kwa kugawana nusu kwa nusu, ni milioni 24 na ushei, nayo inapanda kidogo mauzo yakipanda. Jibu linaangukia kwenye asilimia 5 na robo hivi. Zaidi ya hapo, kila hatua ni ya fedha za kuombwa.

Asilimia 5 ni ndogo kuliko inavyosikika, kwa sababu mizania haijui tofauti ya kilo na shilingi. Bei ya mahindi ikipanda kwa asilimia 20 na bei ya unga ikaifuata, mauzo yatakuwa yamekua kwa asilimia 20 bila kiroba kimoja kuongezeka. Stoki ileile itagharimu zaidi kuijaza, maduka yaleyale yatadaiwa zaidi. Mashine pekee ndizo hazitahitaji kuongezwa. Mwenye kiwanda ambaye hajapanua chochote atajikuta anatafuta mkopo, na kama hajui hesabu hii atamshuku karani wake.

Mpaka hapa tumekubali dhana moja kubwa, kwamba mali inafuata mauzo kwa uwiano usiobadilika. Ni dhana nzuri ya kuanzia na mbaya ya kumalizia. Mashine ndizo za kwanza kuikataa. Hakuna anayeuza asilimia 40 ya mtambo wa kusaga. Kama kiwanda kilikuwa kinafanya kazi zamu moja ya mchana, kinaweza kuongeza zamu ya usiku na kisinunue mtambo wowote. Zile milioni 120 za mashine zinafutika na pengo linashuka kutoka 161.5 hadi 41.5. Ikiwa kinyume chake mtambo umefika ukomo na unaofuata kwa ukubwa unagharimu milioni 200, pengo linapanda hadi 241.5. Utabiri wa mauzo ni uleule, mizania ya mwanzo ni ileile, na jibu limetofautiana kwa milioni 200 kwa sababu ya swali moja ambalo mhasibu hawezi kulijibu akiwa ofisini: mtambo unazunguka saa ngapi kwa siku? Ni lazima ashuke kiwandani akamuulize fundi.

Stoki ina tatizo jingine, na kwa biashara ya nafaka ndilo zito kuliko yote. Mizania ya profoma ni picha ya siku moja, kwa kawaida ya mwisho wa mwaka. Katika Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na mwenye kiwanda mwenye akili hununua wakati huo, bei ikiwa chini, akajaza ghala. Kufika Desemba ameshasaga sehemu kubwa. Tuseme stoki yake ya Septemba ni milioni 420, si zile 252 za Desemba. Pengo lake la Septemba basi linazidi la Desemba kwa milioni 168 na kukaribia milioni 330, na hapo bado tunamhesabia faida ya mwaka mzima ambayo robo ya mwisho yake haijaingia. Aliyekopa milioni 170 kwa kufuata mizania ya Desemba atasimama ghalani Septemba akiwatazama wakulima wakipakia mahindi kwenye lori la mwenzake.

Ndiyo maana anayeijua kazi hii haishii kwenye profoma ya mwaka. Huivunja mwezi kwa mwezi, mistari ileile, ili aone kilele kiko wapi. Mara nyingi huishia na mikopo miwili ya tabia tofauti: mmoja wa miaka kadhaa kwa ajili ya mtambo, na mwingine wa msimu, unaochukuliwa wakati wa mavuno na kurudishwa unga unapouzwa. Kununua mtambo kwa mkopo wa miezi sita ni kosa ambalo profoma ya kila mwezi huliumbua mara moja, kwa sababu mwezi wa saba una marejesho makubwa kuliko mapato.

Mstari wa maduka ndio ulio karibu zaidi na mkono wa meneja. Kwa mauzo ya milioni 1,400, kila siku moja ya mwaka ina mauzo ya takriban milioni 3.8. Kila siku moja ambayo maduka yatawahi kulipa ni milioni 3.8 ambazo hazitakopwa. Kuwashawishi walipe baada ya siku 26 badala ya 36 kunaondoa milioni 38 kwenye pengo, karibu sawa na faida yote itakayoachwa ndani mwaka mzima. Kinyume chake pia hutokea, na hutokea sana. Wateja wapya wa Dodoma huenda wamekuja kwa sababu wamepewa siku 60. Kama ni hivyo, uwiano wa zamani wa maduka haufai tena kutumika kwenye makadirio, na asilimia 40 ya ukuaji imenunuliwa kwa fedha ambazo hakuna aliyezihesabu. Dalili yake huonekana mapema kwa anayetazama: deni la maduka linapanda kwa kasi kuliko mauzo kwa miezi miwili mitatu mfululizo.

Dell waliisoma dalili hiyo kwa upande wa stoki, baada ya kuumia. Ukigawanya bidhaa zilizokuwa ghalani Januari 1993 kwa gharama ya kuuza kwa siku, unapata mzigo wa siku zipatazo 70. Michael Dell amesimulia mara nyingi kwamba baada ya mwaka ule kampuni iligeuza mpangilio wa vipaumbele vyake: kabla ya hapo ilikuwa ukuaji tu, sasa ukwasi ukatangulia, faida ikafuata, ukuaji ukaja mwisho. Meneja walianza kupimwa kwa siku ambazo vipuri vinalala ghalani na siku ambazo wateja wanachelewa kulipa, si kwa mauzo peke yake. Kwa kuwa Dell iliunda kompyuta baada ya mteja kuagiza, haikulazimika kujaza maghala ya wauzaji wa rejareja, na wasambazaji wa vipuri waliombwa walete mzigo mdogo mdogo, mara nyingi zaidi.

Mwaka wa fedha ulioishia Januari 1996 mauzo yalifika dola milioni 5,296, na stoki ilikuwa dola milioni 429, sawa na asilimia 8.1 ya mauzo. Sasa mtu na achukue kalamu siku hiyo, atengeneze profoma ya mwaka unaofuata kwa uwiano usiobadilika, na apewe zawadi ya kujua mauzo yatakuwa kiasi gani hasa. Yalikuwa dola milioni 7,759, ukuaji wa asilimia 47. Mstari wake wa stoki utasoma dola milioni 628, na atakwenda kutafuta karibu dola milioni 200 za kuijaza.

Mizania halisi ya Dell, iliyofungwa Februari 1997, ina stoki ya dola milioni 251. Mauzo yaliongezeka karibu nusu na ghala likapungua kwa zaidi ya theluthi. Mstari ambao ungekula fedha ulizitoa, na mwaka huohuo kampuni ilitumia dola milioni 495 kununua hisa zake yenyewe kutoka kwa wenye hisa. Miaka minne kabla ya hapo ilikuwa imeshindwa kuwauzia mpya.

Kiwanda cha Iringa hakiwezi kuiga njia hiyo moja kwa moja. Kipuri cha kompyuta kinatengenezwa kila siku, na kadiri kinavyokaa ghalani ndivyo kinavyoshuka thamani, kwa hiyo kukinunua kwa kuchelewa kuna faida mbili. Mahindi yanavunwa kwa msimu mmoja, na anayechelewa kununua huyakuta yamepanda bei. Meneja wa kiwanda anayetaka kupunguza zile milioni 170 ana mahali pawili pa kuanzia: saa za mtambo, na zile siku 36 za maduka.